Jinsi ya kuhifadhi mazungumzo ya barua pepe katika faili moja ya PDF, pamoja na viambatisho vyake

Mambo mengi ya jamaa zetu wa Pwani siku hizi yapita kwenye barua pepe. Mmoja yuko Mombasa, mwengine Maskati au Dubai, ploti iko Malindi, na savea ana ofisi yake kando. Wanaandikiana miezi miwili au mitatu kuhusu mipaka, malipo na mgao wa mirathi. Kisha siku moja wakili, au kadhi, au mzee anayesuluhisha, anasema: nileteeni mlivyoandikiana. Hapo ndipo watu hukimbilia saiba, wakaprinti barua ya mwisho kabisa, wakaibana kwa pini na kuipeleka.

Leo nataka kueleza namna ya kutengeneza faili moja ya PDF yenye barua zote kwa mpangilio wake wa kweli, kila kiambatisho kikiwa nyuma ya barua iliyokileta, na kila barua ikiwa na taarifa zake za kichwa zinazoonyesha ilikotoka na saa iliyopokelewa. Kwa barua 15 hivi, kazi hii yachukua kama nusu siku kwenye kompyuta. Kwa simu pekee haitimii, na sababu yake nitaitaja mbele.

Kwa nini barua ya mwisho haitoshi

Mtu akijibu barua pepe, maneno ya barua zilizotangulia hubaki chini ya jibu lake. Kwa hivyo ukifungua barua ya mwisho unaona kama kwamba yote yamo humo. Lakini iko kasoro tatu.

Kwanza, mpangilio umepinduka: jipya liko juu, la kale liko chini kabisa, na msomaji lazima aanze mwisho akipanda. Pili, yale maneno ya chini ni nakala tu iliyomo ndani ya barua ya mtu mwengine. Aliyejibu angeweza kufuta mstari au kubadilisha tarakimu kabla ya kutuma, na wewe usingejua kwa kuitazama karatasi. Tatu, na hili ndilo huwaumiza wengi, viambatisho haviendi pamoja na jibu. Ukibonyeza kujibu, ramani au risiti uliyotumiwa haibebwi. Huenda ukaprinti mazungumzo yote usikute hata ramani moja ndani yake.

Wanaotumia Gmail wanakijua kitufe cha `Print all` kilicho juu ya mazungumzo. Hicho ni bora kidogo, kwa sababu hupanga barua kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini nacho hutaja jina na ukubwa wa kiambatisho tu, hakikitoi. Maneno yaliyorudiwa hukifichia na kuandika `[Quoted text hidden]`. Tena Gmail hukata mazungumzo ikiwa mtu amebadilisha kichwa cha barua au barua zimezidi 100, kwa hivyo yale unayoyaona kama ni mazungumzo mamoja huenda ni nusu tu ya habari. Kitumie `Print all` kwa kusoma na kujikumbusha. Kama ushahidi, hakitoshi.

Mfano tutakaoufuata

Nilikaa na jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, kumpangia barua zake. Yeye yuko Mombasa, nduguye yuko Maskati, na walikuwa wamempa savea kazi ya kugawa ploti ya marehemu baba yao. Barua zilikuwa 14, na viambatisho 6. Ugomvi wenyewe ulikuwa mdogo kuueleza lakini mzito kuumaliza. Savea alituma ramani ya kwanza, kisha akatuma ya pili iliyosogeza mpaka. Nduguye aliandika, "Nimeridhika, endelea." Swali likawa: aliridhika na ramani ipi?

Savea alishika kwamba ridhaa ile ilikuwa ya ramani ya pili. Na karatasi walizokuwa nazo zilionekana kumuunga mkono. Ramani ya pili, iliyoprintiwa Mombasa kutoka kwa akaunti ya dada, ilikuwa na tarehe 5 Machi 2025, saa 10:05. Ridhaa, iliyoprintiwa Maskati na nduguye, ilikuwa na tarehe hiyo hiyo, saa 10:40. Aliyezipanga karatasi kwa saa aliweka ramani mbele na ridhaa nyuma. Kumbe sivyo, kama tutakavyoona.

Hatua ya kwanza: kusanya barua zenyewe, si nakala zake

Usianze na PDF. Anza kwa kupata faili asili ya kila barua, ile ambayo jina lake huishia na `.eml`. Hiyo ndiyo barua nzima kama ilivyofika: maneno, viambatisho, na taarifa zote za kichwa. PDF unayoitengeneza baadaye ni sura yake ya kusomeka tu.

Kwenye Gmail, fungua barua moja, bonyeza vitone vitatu vilivyo upande wa kulia wa barua hiyo, chagua `Show original`, kisha `Download original`. Fanya hivyo kwa kila barua, zile ulizopokea na zile ulizotuma. Hapa ndipo simu inaposhindwa, kwa sababu programu ya Gmail ya kwenye simu haina `Show original`. Keti kwenye kompyuta, na kama ni ya saiba, usisahau kutoka kwenye akaunti yako na kufuta ulichopakua ukimaliza.

Zitakuwako barua ambazo huna, kama zile ambazo ndugu na savea waliandikiana wawili peke yao. Mwambie ndugu asikutumie kwa njia ya kawaida ya kusogeza mbele. Akifanya hivyo, barua inakuwa mpya, ya kutoka kwake kuja kwako, na taarifa za kichwa cha ile ya asili zinapotea. Badala yake aiwekee alama barua kwenye orodha, abonyeze vitone vitatu vya juu, achague `Forward as attachment`. Barua ya asili itakufikia ikiwa nzima ndani ya ile mpya, kama bahasha iliyotiwa ndani ya bahasha.

Barua zilizopelekwa kwa watu wawili utazipata mara mbili. Utazijua kwa mstari wa `Message-ID`, ambao ni kama namba ya kuzaliwa ya barua. Zikiwa na namba moja, ni barua moja. Weka moja tu.

Viungo vya Drive vishughulikie papo hapo. Faili ikizidi megabaiti 25, Gmail haiibebi kama kiambatisho bali huiweka Google Drive na kutia kiungo ndani ya barua. Kiungo hicho si kiambatisho. Mwenye faili akiifuta au akibadilisha ruhusa, utabaki na mstari wa buluu usiofungua kitu. Ipakue siku hiyo hiyo, na uandike tarehe uliyoipakua, kwa sababu mwenye faili angeweza kuibadilisha baada ya kutuma barua.

Hatua ya pili: tafuta saa ya kweli

Hapa ndipo mpangilio unapoharibika au kutengenea. Saa unayoiona juu ya barua ni saa ya mahali alipo anayeitazama, au tuseme mahali ambapo kompyuta yake imeambiwa ipo. Barua ile ile ikifunguliwa Mombasa itaonyesha 09:40, ikifunguliwa Maskati itaonyesha 10:40, maana Omani iko mbele yetu kwa saa moja. Ukichanganya karatasi zilizoprintiwa sehemu mbili, mpangilio wako si wa kuaminika.

Dawa yake ni mstari wa `Date` ulio ndani ya faili asili. Mstari huo una saa, na mbele yake umbali wa saa hiyo kutoka kwa saa ya ulimwengu. Kenya ni `+0300`, Omani na Imarati ni `+0400`. Hii ndiyo mistari ya zile barua mbili:

```
Date: Wed, 5 Mar 2025 10:40:12 +0400
Date: Wed, 5 Mar 2025 10:05:47 +0300
```

Toa 4 kwenye ya kwanza, unapata 06:40:12 kwa saa ya ulimwengu. Toa 3 kwenye ya pili, unapata 07:05:47. Ridhaa ya nduguye iliandikwa dakika 25 kabla ya ramani ya pili kutumwa. Kwa saa za kwetu, ridhaa ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi, na ramani saa nne na dakika tano. Hawezi mtu kuridhika na ramani ambayo haijatumwa.

Lakini mstari wa `Date` huandikwa na kifaa cha mtumaji, na kifaa huweza kuwa na saa mbovu. Kwa hivyo tazama pia mistari ya `Received`. Kila mtambo unaopokea barua njiani hugonga muhuri wake juu ya ule uliotangulia, kwa hivyo mistari hii husomwa kutoka chini kwenda juu. Muhuri wa juu kabisa ni wa mtambo wa mwisho, ule wa upande wako. Ukiwa unatofautiana na `Date` kwa sekunde chache, hakuna neno. Ukitofautiana kwa saa nzima au siku, uaminifu uko kwa `Received`, kwa sababu mtumaji hana mkono katika muhuri unaogongwa na mtambo wako. Usishtuke ukiona muhuri wa Google umeandikwa `-0800` au `-0700`. Hiyo ni saa ya Kalifonia, nayo hugeuzwa kwa hesabu ile ile, ila hapo unaongeza badala ya kutoa.

Mstari mwengine wa faida ni `In-Reply-To`. Unataja `Message-ID` ya barua inayojibiwa. Nimefupisha namba ili zisomeke:

```
Message-ID: <m09@example.com>
In-Reply-To: <m07@example.com>
```

Barua ya 9 ni ridhaa, na ya 7 ndiyo iliyoleta ramani ya kwanza. Hapo una mambo mawili yanayosema neno moja: saa, na barua iliyojibiwa. Hata hivyo usiutegemee mstari huu peke yake. Watu hufungua barua yoyote ya zamani wakabonyeza kujibu, ilimradi wapate anwani. Unatia nguvu hoja ya saa, lakini hausimami badala yake.

Hatua ya tatu: majina ya faili

Ukishajua saa za kweli, zipe barua namba kwa mfuatano, na uandike tarehe kwa kuanza na mwaka. Tarehe ya 03/04/2025 yaweza kusomwa 3 Aprili au Machi 4, inategemea msomaji amesomea wapi. Ya 2025-04-03 haina utata, na kompyuta yenyewe huzipanga sawa. Saa nazo ziandike kwa saa 24 na kwa saa za Nairobi zote, usichanganye na hesabu yetu ya Kiswahili ambayo ukiandika saa nne mtu hajui ni asubuhi au usiku.

```
07-0_2025-03-03_1612_barua.pdf
07-1_ramani_mpya.pdf
09-0_2025-03-05_0940_barua.pdf
10-0_2025-03-05_1005_barua.pdf
10-1_ramani_mpya.pdf
```

Sifuri baada ya namba ni barua yenyewe, 1 ni kiambatisho cha kwanza, 2 cha pili. Tazama vizuri mstari wa pili na wa tano. Savea alituma ramani mbili tofauti kwa jina moja. Ukizipakua zote kwenye folda moja, kompyuta huongeza (1) kwenye jina la ya pili kupakuliwa, si ya pili kutumwa. Kwa jirani yangu, ile iliyokuwa na (1) ndiyo ilikuwa ya kale, kwa sababu alianza kupakua kutoka juu ya orodha. Ndiyo maana kila kiambatisho kipewe namba ya barua yake mara tu kinapopakuliwa, kabla ya kugusa chengine.

Hatua ya nne: kugeuza kila barua kuwa PDF

Chukua kompyuta moja na uhakikishe saa yake imewekwa `(UTC+03:00) Nairobi`. Weka programu ya Thunderbird, ambayo ni ya bure, na uifungulie kila faili ya `.eml` ndani yake. Kwa kuwa zote zafunguliwa kwenye kompyuta moja, saa zitatoka za aina moja, hata barua za Maskati. Printi kila barua kwa kuchagua kuihifadhi kama PDF badala ya kutuma kwenye mashine. Ukurasa utakuwa na mtumaji, mpokeaji, kichwa, tarehe, na majina ya viambatisho. Namba za kurasa na tarehe ya kuprinti zinazotokea pembeni ziache, zina kazi yake.

Kisha, ukiwa kwenye barua hiyo hiyo, bonyeza `Ctrl+U`. Itafunguka chanzo cha barua, na sehemu ya juu yake ndizo taarifa za kichwa. Usiprinti chanzo chote, kwa sababu kiambatisho kilichomo hugeuka mamia ya kurasa za herufi zisizosomeka. Nakili sehemu ya juu tu, kuanzia mstari wa kwanza hadi kwenye mstari mtupu wa kwanza, maana mstari mtupu ndio mpaka kati ya kichwa na mwili wa barua. Ibandike kwenye ukurasa wa LibreOffice, uipe herufi ndogo, na uihifadhi kama PDF nyuma ya barua yake.

Viambatisho vya PDF viache kama vilivyo. Picha na faili za Word zigeuze kuwa PDF kwa LibreOffice. Faili za hesabu ziangalie mara mbili, kwa sababu zikigeuzwa safu za kulia hukatika au kwenda ukurasa mwengine, na jumla ya malipo ikapotea. Kiambatisho cha sauti au video hakigeuki karatasi. Hicho weka ukurasa mmoja unaotaja jina lake, ukubwa wake na barua iliyokileta.

Hatua ya tano: kuunganisha, na kutia za asili ndani

Kuunganisha PDF zote kuwa moja, programu ya bure ya PDFsam Basic yatosha. Buruta faili zote ndani, hakikisha zimepangika kwa majina uliyozipa, kisha bonyeza kuunganisha. Ziko tovuti nyingi zinazofanya kazi hii bila kuweka programu, lakini mimi siwapelekei karatasi zenye namba za vitambulisho na hati za ardhi watu nisiowajua wanaziweka wapi. Programu iliyo ndani ya kompyuta yako haipeleki kitu nje.

Mbele kabisa weka ukurasa mmoja wa yaliyomo: namba ya barua, tarehe na saa ya Nairobi, kutoka kwa nani kwenda kwa nani, na viambatisho vyake. Kwa barua 14 na viambatisho 6, orodha hiyo ilienea ukurasa mmoja, na ndiyo ambayo wakili aliisoma kwanza.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawalijui. PDF yaweza kubeba faili nyengine ndani yake, zikiwa nzima, kama mkoba. Kwa hivyo zile `.eml` za asili unaweza kuzitia ndani ya PDF yenyewe. Kwa programu ya qpdf, amri ni hii, ukirudia sehemu ya kati kwa kila faili:

```
qpdf zote.pdf --add-attachment 09.eml -- --add-attachment 10.eml -- kumbukumbu.pdf
```

Na kuhakikisha zimeingia:

```
qpdf --list-attachments kumbukumbu.pdf
```

Mtu akiifungua kwenye Acrobat Reader ya kompyuta, atafungua sehemu yenye alama ya pini ya karatasi na kuzikuta. Lakini programu nyingi za simu hazizionyeshi, na ukiprinti hazitoki. Kwa hivyo zilizotiwa ndani haziondoi haja ya kurasa za viambatisho. Kurasa ni za kusomwa na watu, faili za ndani ni za kukaguliwa na fundi. Usizifunge pia kwenye faili moja ya zip ukaitia, kwa sababu Acrobat hukataa kuifungua zip iliyo ndani ya PDF.

Jinsi ya kujua kazi imekamilika

Hesabu. Chukua kila barua, soma majina ya viambatisho yaliyotajwa juu yake, na ufungue kurasa zinazofuata. Jina limetajwa na kurasa hazipo, kuna kilichosahaulika. Kisha pita kwenye mistari ya `In-Reply-To` yote. Kila namba inayotajwa inapaswa kuwa `Message-ID` ya barua iliyomo kwenye faili lako. Ikitajwa namba usiyokuwa nayo, ipo barua inayokosekana. Kwa njia hii tuligundua kwamba barua ya 11 ilijibu barua ambayo dada hakuwa nayo kabisa. Savea na ndugu walikuwa wameandikiana pembeni kuhusu malipo, na ndugu alikuwa amesahau. Aliituma kwa `Forward as attachment`, na barua zikawa 15.

Ukimaliza, chukua alama ya faili. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri na uandike:

```
certutil -hashfile kumbukumbu.pdf SHA256
```

Itatoka tarakimu na herufi 64. Ziandike kwenye karatasi, au uzitume kwa wakili siku hiyo hiyo. Faili ikibadilishwa hata nukta moja, alama hubadilika yote. Alama haithibitishi kwamba barua ni za kweli, yathibitisha tu kwamba faili ni lile lile tangu siku hiyo. Ndiyo maana huchukuliwa mwisho. Ukiongeza ukurasa baadaye, itakubidi uchukue nyengine.

Mahakamani ni jambo jengine

Mimi si wakili, lakini hili ni vyema ulijue kabla hujaenda kwake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, yataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoitambulisha rekodi, kueleza jinsi ilivyotolewa na kifaa kilichotumika, na kutiwa saini na mtu anayehusika na kifaa hicho au shughuli hiyo. Kifungu cha 78A nacho chaelekeza mahakama itazame jinsi ushahidi huo ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa, na mtumaji alivyotambuliwa.

Kwa hivyo unapofanya kazi hii, weka daftari. Andika siku uliyopakua barua, akaunti zilizotumika, kompyuta ipi, programu zipi, na nani alikaa mbele ya kompyuta. Kazi ikifanywa na kijana wa saiba huku wewe umekwenda kuswali, yeye ndiye anayejua ilivyofanywa, na huenda wakili akamtaka yeye. Ni bora mwenye barua akae mwenyewe, hata kama mkono wa kubonyeza ni wa mwengine.

Na barua zenyewe usizifute kwenye akaunti kwa sababu sasa una PDF. Upande wa pili ukikataa, jambo la kwanza litakaloulizwa ni kama barua ya asili bado ipo pale ilipofikia. Faili la PDF weka nakala mbili, moja kwenye flashi isiyotumika kwa kazi nyengine, moja kwa ndugu mwengine unayemwamini. Kwa jirani yangu, nakala ya pili ilikwenda Maskati, kwa yule yule aliyeandika kwamba ameridhika.